Saumu Moja, Nia Mbili: Jumatatu, Alhamisi, Siku Nyeupe na Deni la Ramadhani

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, hotuba yetu ya leo inahusu mas'ala yanayoulizwa sana katika nyumba zetu hapa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na kwingineko katika uwanda huu wa kati, na wanaouliza zaidi ni kina mama na wanafunzi. Mtu ana siku kadhaa za Ramadhani zilizompita, na papo hapo anapenda kufunga suna ya Jumatatu na Alhamisi, au zile siku tatu za katikati ya mwezi. Je, aweza kuifanya siku moja itumikie yote mawili? Na akifanya hivyo, anuie nini, na anuie wakati gani?

Tutajibu kwa kufuata madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo waliyosomeshwa wazee wetu katika vyuo vya bara na pwani.

Kwanza tuzijue siku zenyewe. Jumatatu, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu yake, alieleza kuwa ndiyo siku aliyozaliwa na ndiyo siku aliyoteremshiwa wahyi, kama alivyopokea Abu Qatada katika Sahihi Muslim. Jumatatu pamoja na Alhamisi ni siku ambazo amali za waja huhudhurishwa mbele ya Mola wao, naye Mtume alipenda amali zake zihudhurishwe hali amefunga. Ama siku tatu za katikati, hizo ni tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, na alimwusia Abu Dharr kuzifunga. Kwa Kiarabu huitwa Ayyamul-Bidh, yaani siku nyeupe, kwa sababu usiku wake huwa mweupe kwa mbalamwezi. Mwenye kukaa huku kwetu wakati wa kiangazi, mbingu zisipokuwa na wingu, haimwii shida kuzitambua.

Mwezi mmoja tu katika mwaka una hukumu yake mbali. Mwezi wa Dhulhija, ambao wazee wetu huuita Mfunguo Tatu, tarehe yake 13 ni miongoni mwa siku za Tashriq zinazofuata Idi ya kuchinja, na siku hizo ni haramu kufunga, ikiwa ni suna au ikiwa ni kulipa deni. Basi katika mwezi huo mtu hufunga 14, 15 na 16.

Ama siku za Ramadhani zilizompita mtu kwa ugonjwa, safari, hedhi au nifasi, hizo ni deni. Qur'ani katika Suratul-Baqara imemwamrisha aliyekuwa mgonjwa au safarini atimize hesabu katika siku nyingine, na Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa wanawake wa zama za Mtume walikuwa wakiamrishwa kulipa saumu zilizowapita kwa hedhi. Haikusemwa siku gani za mwaka. Kwa hivyo Jumatatu yafaa, Alhamisi yafaa, na tarehe 13 yafaa, maadamu si siku iliyokatazwa kufunga.

Sasa tuingie katika nia, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopoteza.

Nia ya saumu ya fardhi, na kulipa Ramadhani ni fardhi, ina masharti mawili ambayo suna haina. Sharti la kwanza ni kuiweka usiku. Bibi Hafsa (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba asiyeazimia saumu kabla ya alfajiri hana saumu. Wakati wake ni tangu jua linapotua hadi kabla ya alfajiri kupambazuka. Mwenye kutaka kulipa siku ya Alhamisi, wakati wake wa kunuia unaanza Jumatano jua likishatua. Akinuia Jumatano alasiri kisha asirudie tena mpaka asubuhi, nia hiyo imetangulia wakati wake na haimfai. Na kila siku ina nia yake. Anayefunga siku tatu mfululizo hunuia mara tatu.

Sharti la pili ni kuainisha, yaani moyo ujue kwamba saumu ya kesho ni ya kulipa Ramadhani. Haitoshi kuazimia kufunga tu. Mahali pa nia ni moyoni, na kutamka kwa ulimi ni msaada kwa moyo. Wengi hudhani kwamba kuamka na kula daku ndiyo nia. Daku peke yake si nia. Lakini mtu akiamka akala hali moyoni mwake amekusudia kwamba anakula ili kesho afunge kulipa Ramadhani, hapo nia imekwisha kupatikana, hata kama hakutamka neno.

Suna ni nyepesi zaidi. Imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba siku moja Mtume (s.a.w.) aliingia nyumbani akauliza kama kuna chochote cha kula. Akaambiwa hapana, naye akasema kuwa basi amefunga. Kwa hadithi hii wanavyuoni wetu wamesema kwamba suna yaweza kunuiwa mchana, kabla jua halijapinduka, kwa sharti kwamba tangu alfajiri mtu hajafanya lolote la kufunguza.

Na hapa tusidanganywe na saa ya ukutani. Jua halipinduki saa sita kamili hapa Dodoma. Saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki mbali na hapa, kwa hivyo Dodoma jua hupinduka kati ya saa sita na dakika 21, mwanzoni mwa Novemba, na saa sita na dakika 51, katikati ya Februari.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyelala Jumatano bila ya kufikiri habari ya saumu. Asubuhi hakupata chai, na ilipofika saa nne akakumbuka kuwa leo ni Alhamisi, na kwamba anadaiwa siku mbili za Ramadhani alizokula safarini. Akasema moyoni, "Leo nitalipa moja." Je, imelipika? Haikulipika, kwa sababu usiku umepita bila ya nia. Lakini akinuia suna ya Alhamisi saa hiyo hiyo, saumu yake ni sahihi na thawabu anazo. Deni lake linabaki siku mbili kama lilivyokuwa.

Basi turudi katika swali letu. Mtu amenuia usiku, akaainisha kwamba analipa Ramadhani, na siku yenyewe ni Alhamisi. Je, fadhila ya Alhamisi anaipata?

Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijria, sawa na 1505, ameyataja mas'ala haya katika kitabu chake Al-Ashbah wan-Nadhair. Amenukuu fatwa ya Al-Barizi juu ya mtu aliyefunga siku ya Arafa kwa kulipa deni au kwa nadhiri, kwamba saumu yake inasihi na yote mawili anayapata. Sababu yake ni nyepesi kuifahamu kwa mfano wa suna ya maamkizi ya msikiti. Mtu aingiapo msikitini huku sala ya fardhi inakimiwa, akiingia katika fardhi ile, maamkizi yamekwisha kupatikana ndani yake. Kilichotakiwa ni kwamba asiketi kabla ya kusali, naye amesali. Vivyo hivyo Jumatatu na Alhamisi. Kinachotakiwa ni kwamba siku ile imkute mtu amefunga, naye amefunga.

Wanavyuoni hawakukubaliana wote. Al-Isnawi aliona kwamba anayekusanya nia mbili, kwa kipimo cha sheria, hapati lolote katika hayo mawili. Na hata waliokubali kukusanya wamehitilafiana. Imam Ramli ameona kwamba fadhila ya siku hupatikana hata kama mtu hakuikumbuka. Ibn Hajar al-Haytami akasema kwamba thawabu za suna huzipata yule aliyeikusudia.

Tukiyapima maneno haya, njia ya salama inajitokeza. Nia ya kulipa Ramadhani iwe ndiyo shina, iwe wazi na thabiti, isichanganyike na shaka. Kisha moyo utaraji pia fadhila ya siku yenyewe. Mtu aseme moyoni, "Nimenuia kufunga kesho kulipa fardhi ya Ramadhani," na ajue kwamba kesho ni Alhamisi na ana hamu ya baraka zake. Asigeuze mambo, akanuia suna ya Alhamisi kisha akatumaini kwamba deni nalo litajilipa. Fardhi yaweza kuibeba suna mgongoni. Suna haina nguvu ya kuibeba fardhi.

Kosa hili la kugeuza ndilo lenye hasara kubwa. Yuko mtu aliyefunga kila Jumatatu na kila Alhamisi mwaka mzima kwa nia ya suna, naye anadaiwa siku saba tu. Amefunga karibu siku mia moja, na deni lake bado ni siku saba. Saumu zake hazikupotea, thawabu za suna anazo. Lakini alichodaiwa hakukigusa.

Jambo jingine linalofuata katika kukusanya ni hili: siku yenye majina mawili huchukua hukumu ya lile lililo zito. Anayefunga suna tupu, akijiwa na mgeni au akiletewa chakula, ana ruhusa ya kufungua, na katika madhehebu yetu hadaiwi kuirudia, ingawa kutimiza ni bora. Mtume mwenyewe siku nyingine aliletewa chakula hali ameamka amefunga, naye akala. Lakini aliyenuia kulipa Ramadhani, akishaingia katika saumu hiyo hana ruhusa ya kuikata bila ya udhuru wa sheria, kama ugonjwa. Asiseme, "Leo ni Alhamisi, ni suna, acha nile na wageni." Kwa nia aliyoiweka usiku, hiyo ni siku ya fardhi mpaka jua litue.

Vile vile kukusanya huku ni baina ya fardhi na suna. Fardhi mbili hazikai katika siku moja. Mwenye deni la Ramadhani na nadhiri ya kufunga hawezi kuzilipa zote kwa Jumatatu moja.

Sasa tuhesabu kwa mfano ulio kamili. Mama mmoja anadaiwa siku za Ramadhani iliyopita. Hana hakika kama ni saba au nane. Mwenye shaka kama huyu huchukua idadi iliyo kubwa, mpaka awe na yakini kwamba hadaiwi kitu. Basi ahesabu nane. Tuseme mwezi wa Rajabu umeandama, na tarehe mosi imekuwa Jumamosi. Jumatatu za mwezi huo zitakuwa tarehe 3, 10, 17 na 24. Alhamisi zitakuwa tarehe 6, 13, 20 na 27. Tarehe 13 ni Alhamisi na pia ni siku nyeupe ya kwanza. Tarehe 14 ni Ijumaa, na 15 ni Jumamosi.

Akifunga tarehe 3, 6, 10, 13, 14, 15, 17 na 20, kila usiku akinuia kulipa Ramadhani, siku zote nane zimekwisha tarehe 20 ya Rajabu. Na siku hizo zote zimeangukia katika siku za fadhila. Wala asiogope Ijumaa ya tarehe 14. Kinachochukiza ni kuihusisha Ijumaa peke yake kwa saumu isiyo na sababu. Yeye analipa deni, tena amefunga siku iliyo kabla yake na iliyo baada yake.

Lakini maisha hayaendi siku zote kwa kalenda. Tuseme mama huyu amepata hedhi tangu tarehe 9, akatwahirika usiku wa kuamkia tarehe 15. Siku tatu za mpango wake zimempita, 10, 13 na 14, wala hana kosa. Usiku ule ule aliotwahirika yafaa anuie kufunga tarehe 15, hata kama hakuwahi kuoga mpaka alfajiri imeingia. Saumu yake ni sahihi, na aoge kwa ajili ya sala. Baadaye atafunga 17, 20, 24 na 27. Pamoja na zile mbili za mwanzo, 3 na 6, amefikisha saba. Ya nane ataifunga Jumatatu inayofuata, ambayo ni mwanzoni mwa Shaabani, na Ramadhani bado iko mbele.

Tumeuchukua mwezi wa Rajabu kwa makusudi. Bibi Aisha ameeleza kwamba alikuwa hawezi kulipa siku zake ila katika Shaabani. Hii ni dalili kwamba aliyekula kwa udhuru ana nafasi mwaka mzima. Ni dalili pia kwamba nafasi hiyo ina mwisho, nao ni Ramadhani nyingine. Na katika nusu ya pili ya Shaabani, madhehebu yetu yanakataza suna isiyo na mazoea wala haikuunganishwa na siku za kabla yake. Kulipa deni hakukatazwi, na aliyezoea Jumatatu na Alhamisi huendelea nazo.

Aliyechelewesha mpaka Ramadhani nyingine ikamwingilia, hali alikuwa na nafasi ya kulipa, atalipa siku zake na juu ya kila siku atatoa kibaba kimoja cha nafaka inayoliwa zaidi mahali pake, apewe maskini. Huku kwetu nafaka hiyo ni mahindi, mtama au uwele, kwa kadiri ya mahali. Vibaba vinne ni pishi moja, ambayo hukadiriwa kilo mbili na nusu. Kwa hivyo siku nane ni pishi mbili, kama kilo tano. Ama aliyezuiwa mwaka mzima na udhuru wa kweli, kama maradhi yasiyomwachia nafasi, huyo atalipa siku tu.

Yule aliyekula Ramadhani makusudi bila ya udhuru wowote, hukumu yake ni nzito zaidi. Huyo hana nafasi ya mwaka mzima. Wajibu wake ni kulipa upesi, wala haimfalii kujishughulisha na suna tupu huku deni lile liko shingoni. Mwenye udhuru akitanguliza suna, saumu yake inasihi, ila ni makuruhu. Kilicho bora ni kutanguliza deni.

Na katika nyumba, mume na mke washauriane. Mke hafungi suna hali mume wake yupo ila kwa idhini yake, kama ilivyokuja katika hadithi ya Bukhari na Muslim. Lakini deni la Ramadhani likishabanwa na wakati, siku zilizobaki zikawa sawa na siku anazodaiwa, hapo ni fardhi iliyo mbele yake na mume hana haki ya kumzuia. Mume mwema hangoji mpaka huko. Humwuliza mkewe mapema amebakiwa na siku ngapi, naye humwondolea kazi nzito katika siku zile, hasa wakati wa kulima na kupalilia, jua linapokuwa kali na maji yako mbali.

Jambo la mwisho, ndugu wasikilizaji, linahusu redio hizi mnazotusikilizia. Dar es Salaam iko mashariki ya Dodoma, na jua la huko hutua mapema. Tofauti ni kama dakika 14. Katika Ramadhani, miji ina adhana kila upande na mtu hakosei kwa urahisi. Lakini Alhamisi ya kawaida, mama aliye peke yake kijijini husikia adhana ya magharibi ikirushwa kutoka Dar es Salaam, akachukua kikombe cha maji akafungua. Akitoka nje, jua bado liko juu ya vilima. Siku hiyo haikulipika; ameila mchana, na itambidi airudie, ingawa hana dhambi kwa kuwa alidhani jua limetua. Na kadiri mtu anavyozidi kukaa magharibi, kosa linazidi. Kwa mtu wa Kigoma ni zaidi ya nusu saa. Basi afuate adhana ya msikiti wa mji wake, au alitazame jua lenyewe mahali palipo wazi. Deni lililofungwa tangu alfajiri, kwa takriban saa 13 za njaa na kiu, lisipotezwe kwa robo saa.

Usiku huu, basi, kila mmoja katika nyumba ahesabu siku anazodaiwa, aziandike mahali, na kila anapolipa moja aifute. Mwenye kudaiwa, Jumapili jua likishatua, akumbuke kunuia.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyachelewesha, tuwezeshe kuyalipa kabla ya kufikwa na mauti, na uzipokee saumu zetu za fardhi na za suna. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.